Ndoto Mpya Hutungwa Mchana: Tiba ya Mazoezi ya Taswira kwa Majinamizi ya Kiwewe

Wataalamu wengi wa saikolojia na washauri nasaha, wakikutana na mteja anayesumbuliwa na majinamizi baada ya kiwewe, huyaweka majinamizi hayo pembeni. Hesabu yao inaeleweka: ndoto ni dalili, ugonjwa wenyewe ni kiwewe, basi kiwewe kikitibiwa ndoto zitajiondokea. Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Hao huifanya ndoto kuwa mlango wa kuingilia kwenye tukio, wakamtaka mteja aisimulie kwa kina, tena na tena, hadi yote yatoke. Tiba ya mazoezi ya taswira haifuati njia yoyote kati ya hizo mbili. Inalishughulikia jinamizi lenyewe, kama tatizo la usingizi na la mazoea ya akili, na inafanya hivyo bila kulichimba tukio. Mteja huchagua ndoto moja, akaibadilisha akiwa macho, kisha akawa anaipitia ile ndoto mpya kichwani kila siku, mchana, kwa dakika chache. Kwa maelezo, tiba imeishia hapo. Kwa vitendo, hufaulu au huanguka kwenye mambo mawili: uchaguzi wa ndoto ya kuanzia, na ulinzi wa mazoezi ya kila siku. Na mara nyingi anayeyaharibu mambo hayo mawili ni mtaalamu mwenyewe, kwa kushindwa kujizuia kuingilia.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1978 daktari wa akili Isaac Marks, aliyefanya kazi London, alichapisha maelezo ya mgonjwa aliyepata nafuu ya jinamizi la miaka mingi baada ya kulipitia na kulipa miisho tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la watafiti wa New Mexico, Marekani, wakiwemo Robert Kellner, Joseph Neidhardt na Barry Krakow, lilianza kulijaribu wazo hilo kwa utaratibu. Neidhardt ndiye aliyelipa agizo lake mashuhuri: badilisha ndoto kwa namna yoyote unayotaka. Jaribio lililoipa tiba hii heshima lilichapishwa na Krakow na wenzake mwaka 2001. Walishiriki wanawake 168 waliowahi kushambuliwa kingono, karibu wote wakiwa na ugonjwa wa kiwewe wa kiwango cha kati au kikali. Nusu yao walipewa tiba kwa makundi, katika vikao viwili vya saa tatu tatu na kimoja kifupi cha kufuatilia. Waliobaki waliwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Majinamizi yalipungua na usingizi ukatengemaa, lakini lililowashangaza wengi ni jingine. Asilimia 65 ya waliotibiwa walishuka angalau ngazi moja ya ukali wa ugonjwa wa kiwewe wenyewe, ilhali asilimia 69 ya waliosubiri walibaki pale pale au wakazidi kuumwa. Na vikaoni humo hakuna aliyetakiwa kusimulia alichofanyiwa.

Kwa nini kutunga ndoto mchana kunaathiri usiku? Maelezo ambayo Krakow aliwapa wagonjwa wake ni kwamba jinamizi huanza kama jibu la akili kwa tukio, na pengine mwanzoni lina kazi yake ya kulimeng'enya tukio hilo. Baada ya miezi na miaka kazi hiyo imekwisha, lakini jinamizi linaendelea kwa sababu limekuwa mazoea. Ni njia ya miguu iliyokanyagwa nyasini hadi kila mpita njia anaifuata bila kuuliza inakoelekea. Ukisimama pale na kuikemea haifutiki. Hufutika watu wakianza kupita kwingine. Maelezo haya yaliwahi kuonekana kama hadithi nzuri ya kumpa mteja moyo, lakini sasa yana ushahidi wa kuyatia uzito. Mwaka 2022 watafiti wa Geneva walichapisha jaribio la wagonjwa 36 waliofundishwa tiba hii. Nusu yao, wakati wa kufanya mazoezi, walisikilizishwa sauti moja ya piano. Kisha wote wakalala nyumbani na kifaa kichwani kilichopiga sauti hiyo hiyo pale walipoingia kwenye usingizi wa ndoto. Waliokuwa wameizoea sauti pamoja na ndoto yao mpya walipungukiwa majinamizi zaidi ya wenzao. Wagonjwa wale walikuwa na ugonjwa wa majinamizi kwa jumla, si wa kiwewe hasa, kwa hiyo tusiunyooshe ushahidi kupita urefu wake. Hata hivyo unaonyesha kwamba taswira iliyozoezwa mchana inaendelea kushughulikiwa na ubongo usiku, na kwamba kiini cha tiba ni mazoezi. Ufasaha wa hadithi iliyotungwa haukuwa na kazi kubwa pale.

Kabla ya kikao cha kwanza kuna maswali ambayo hayana mbadala. Je, hili ni jinamizi kweli? Mteja akisema usiku amekabwa, hawezi kusogeza mkono, anamwona mtu amesimama chumbani na anajua yuko macho, huyo huenda anaeleza ganzi ya usingizini, ambayo ina matibabu yake. Anayepiga kelele na kukimbia huku amelala, asubuhi asikumbuke lolote, hana ndoto ya kubadilisha. Je, anakoroma na kukatika pumzi, akaamka na kinywa kikavu na kichwa kizito? Krakow mwenyewe aligundua kwamba matatizo ya kupumua usingizini ni mengi mno miongoni mwa wenye kiwewe, na hakuna mazoezi ya taswira yanayofungua koo lililoziba. Je, anatumia dawa gani? Katika Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa pekee. Efavirenzi, iliyokuwa kwa miaka mingi kwenye vidonge vya kawaida vya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, inajulikana kwa kuleta ndoto kali, na meflokwini ya malaria vilevile. Baadhi ya dawa za presha nazo zimo. Je, anakunywa pombe ili alale, na je, ameiacha ghafla wiki hii? Kuacha pombe hurudisha usingizi wa ndoto kwa kishindo, na mtaalamu asiyelijua hilo atadhani tiba imeshindwa. Mwisho kuna maswali mawili mazito zaidi. La kwanza ni fikra za kujiua, kwa kuwa majinamizi huambatana nazo mara kwa mara na mteja huenda hajaulizwa na mtu. La pili ni usalama wa sasa. Mwanamke anayeota mume anampiga huku bado analala nyumba moja na mume anayempiga hana mazoea yaliyopitwa na wakati. Ana hatari, na hatari hutatuliwa kwanza.

Kikao cha kwanza hakigusi ndoto yoyote. Mtaalamu anaeleza lile wazo la mazoea, anaweka msingi wa kuhesabu, na anaupima uwezo wa mteja wa kujenga taswira. Kuhesabu kuwe kwepesi: kila asubuhi, alama ya usiku wenye jinamizi au usio nalo, idadi ya majinamizi, na kama yalimwamsha. Asiandike yaliyomo. Daftari la asubuhi lililojaa maelezo ya damu ni zoezi la jinamizi la zamani, tena linalofanywa kwa bidii. Kisha inakuja taswira ya kupendeza: mahali, shughuli au mtu anayemtuliza, ikishikwa dakika chache kikaoni, macho yakiwa wazi au yamefumbwa kama mteja apendavyo. Hatua hii hurukwa sana kwa kuonekana ya kitoto. Kumbe ndiyo kipimo. Kuna watu ambao kila wakifumba macho picha za tukio huvamia, na ni heri kulijua hilo mteja akiwaza ufukwe kuliko akiwa katikati ya jinamizi lake. Mtu wa namna hiyo afundishwe kwanza kutoka kwenye picha: kufungua macho, kutaja vitu vitano vilivyomo chumbani, kukanyaga sakafu kwa nguvu, kubadilisha picha kwa makusudi. Afanye taswira nyepesi wiki nzima kila siku. Akishindwa kabisa, tiba isubiri.

Hatua zinazofuata zinaonekana vizuri zaidi kwa mfano, nao huu umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mteja ni kondakta wa basi la safari ndefu, mwanamume wa miaka 34, aliyenusurika ajali ya usiku ambamo abiria kadhaa walikufa. Imepita miaka mitatu. Anapata majinamizi usiku nne kwa wiki, na siku hizi hulala sebuleni taa ikiwaka ili asimwamshe mkewe. Akiulizwa vichwa vya ndoto zake tu, bila maelezo, anataja tatu. Ya kwanza ni ajali yenyewe, kama ilivyokuwa, tangu breki hadi kimya. Ya pili, anafukuzwa na mtu asiye na uso kati ya mabasi yaliyoegeshwa. Ya tatu, yuko mlangoni mwa basi stendi, anaita majina kwenye orodha ya abiria, na orodha haiishi. Kwa ukali anazipa, kwa kipimo cha 0 hadi 10, alama 10, 8 na 5.

Hapa ndipo uchaguzi ulipo, na hapa ndipo mtaalamu mwenye ari hukosea. Ndoto ya ajali inavuta: ndiyo mbaya kuliko zote, ndiyo iliyomleta mteja, na inaonekana ndiyo mzizi. Lakini kwa mtu anayejifunza ufundi huu ndiyo ndoto isiyofaa kabisa, kwa sababu ni nakala ya tukio halisi. Kuibadilisha ni kugombana na kumbukumbu. Kila anapojaribu kulifanya basi lisipinduke, akili yake inamkumbusha kwamba lilipinduka na watu walikufa, na mazoezi yanageuka kuwa kesi ya kujihukumu. Orodha isiyoisha, kwa upande wake, ni ndoto kweli. Haikuwahi kutokea, kwa hiyo kuibadilisha hakumsaliti marehemu yeyote. Utaratibu wa Krakow unashauri hivyo hivyo: anza na jinamizi lisilo kali sana, na ikiwezekana lisilorudia tukio. Woga kwamba ndoto kubwa zitabaki pale pale hauna msingi mkubwa, kwa kuwa mara nyingi mtu akishazoeza ndoto moja au mbili, mabadiliko huenea kwa nyingine ambazo hakuzigusa.

Mteja anaandika jinamizi la orodha mara moja tu, kwa sentensi chache. Ni usiku. Anaita jina, abiria anapanda, anaita jingine. Karatasi inazidi kurefuka hadi chini ya miguu yake. Basi limejaa na watu bado wanapanda. Kuna harufu ya dizeli. Dereva hageuki. Kisha mlango unajifunga akiwa ndani. Maelezo zaidi ya hayo hayahitajiki, na karatasi hiyo ikishakamilika kazi yake ni kuonyesha mahali pa kubadilisha. Baada ya hapo haisomwi tena. Asiyejua kuandika husimulia kwa sauti au huchora, na anayeishi chumba kimoja na watu wengi huenda akapendelea hivyo hata kama anajua kuandika.

Sasa agizo: ibadilishe upendavyo. Mtaalamu hapendekezi mwisho. Kondakta anaandika ndoto mpya ya kwanza: anamvuta dereva kutoka kwenye usukani, anampiga, anaushika usukani yeye mwenyewe. Mtaalamu hamwambii kwamba amekosea, lakini anajua kwamba Gerlinde Harb na wenzake, walipozichambua ndoto zilizotungwa upya na wapiganaji wa zamani wa Marekani mwaka 2012, walikuta zenye ukatili zikifuatana na nafuu ndogo ya usingizi, na zile ambazo tatizo la ndoto lilipata ufumbuzi zikifuatana na nafuu kubwa zaidi. Basi anauliza swali la mwili. "Kaka, unapoisoma hii, mwili unafanya nini?" Mteja anajitazama mikono. "Nimekunja ngumi, dada." "Ungependa kulala hivyo?" Anacheka, anaomba karatasi nyingine. Jaribio la pili linaanzia mapema kidogo kuliko pale jinamizi linapochacha. Orodha ni ya ukurasa mmoja. Anaita majina, anatia tiki, na jina la mwisho ni lake. Anasaini chini, anamkabidhi karani wa stendi karatasi, na karani anagonga muhuri. Yeye anabaki nje. Basi linaondoka taratibu, abiria mmoja anampungia mkono. Anakwenda kwa muuza kahawa, anapewa kikombe na kashata, kahawa ni ya moto na ina tangawizi. Kumekucha.

Mtaalamu mwenye sikio zuri atatamani kumwambia mteja maana ya lile jina la mwisho kuwa lake, na ya yeye kubaki nje ya basi. Auzuie ulimi. Ndoto hii haitaki tafsiri, inataka kupitiwa. Anachopaswa kuangalia ni mambo ya ufundi. Je, ndoto mpya inatazamika kama picha, au ni maelezo tu ya kwamba kila kitu kilikuwa sawa? Muhuri, tangawizi na mkono unaopunga vinatazamika. Je, mteja ana la kufanya ndani yake, au anaokolewa tu? Utafiti wa Anna Kunze na wenzake wa Uholanzi, kwa washiriki 104, ulionyesha kwamba nafuu iliendana na mtu kujiona ana uwezo juu ya jinamizi lake. Je, ni fupi kiasi cha kupitiwa kwa dakika kumi bila kuchoka? Na je, inaanza salama, au mteja analazimika kupita kwanza kwenye harufu ya dizeli ndipo afike kwenye kahawa? Kosa hilo la mwisho ni la kawaida sana. Mtu huandika jinamizi zima kisha akabandika mwisho mzuri, na kila siku anajizoeza robo tatu ya hofu na robo ya nafuu.

Mazoezi yenyewe huanza pale pale kikaoni, kimya, kwa dakika kumi hivi, ili mtaalamu aweze kuuliza mara moja yalivyokwenda. Nyumbani ni dakika 5 hadi 20 kila siku, ndoto mpya peke yake. Mteja huketi, hulegeza mabega, huipitia kama anayeitazama na kuishi ndani yake, kisha akaendelea na shughuli zake. Wakati mzuri ni mchana, akiwa hana usingizi na hana hofu. Anayeingoja saa ya kitandani huifanya akiwa na woga wa usiku, au hulala kabla hajafika kwenye muhuri. Asifanyie kazi zaidi ya ndoto moja au mbili kwa wiki. Ndoto mpya anaweza kuibadilisha tena wakati wowote ikimchosha. Jinamizi likija usiku, hana wajibu wa kulichambua asubuhi: anatia alama kwenye daftari, basi.

Kikao cha kufuatilia, wiki moja hadi tatu baadaye, kinapaswa kuanza na swali moja la kizamani: ulifanya siku ngapi? Mtaalamu akianza na "unaendeleaje" atapewa jibu la adabu. Kondakta wetu anasema alifanya siku mbili za kwanza, kisha akaacha kwa kuwa hakuiota ile ndoto mpya. Hapo kuna kutoelewana ambako kulipaswa kuzuiwa mapema. Lengo si kuota kahawa na kashata. Wapo wanaoiota ndoto yao mpya, lakini wengi huona mambo mengine: jinamizi linakuja bila kuwaamsha, linakatika katikati, linakosa harufu, linaingiliwa na jambo la kipuuzi, au haliji. Katika daftari lake usiku nne zimekuwa tatu, na mara moja mlango wa basi haukujifunga. Hiyo ni dalili ya njia kuhama. Mtaalamu anaionyesha kwa kidole, wanakubaliana mazoezi yafanyike baada ya chakula cha mchana akiwa garini kabla ya zamu, na tiba inaendelea. Akishaiweza orodha, anaweza kuchukua ndoto ya mtu asiye na uso. Ya ajali huja mwisho, ikiwa bado inamtembelea.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni kwamba tunatibu dalili huku tukimsaidia mteja kulikwepa tukio. Lina nguvu, kwa kuwa kukwepa ndiko kunakoulisha ugonjwa wa kiwewe, na tiba zenye ushahidi mkubwa zaidi kwa ugonjwa huo humtaka mtu alikabili tukio. Jibu langu ni kwamba tiba ya taswira haijidai kuwa mbadala wa hizo. Lakini usingizi mbovu na majinamizi mara nyingi hubaki hata baada ya tiba hizo kufaulu, na anayeamka mara tatu usiku akitokwa jasho hana nguvu ya kukaa kwenye tiba inayomtaka akumbuke. Wapo pia wasio tayari kusimulia, na wengine hawatakuwa tayari kamwe. Kwao chaguo lililopo ni kati ya tiba hii na kutopata kitu. Tena matokeo ya mwaka 2001 hayaendani na picha ya kukwepa: kama mazoezi yangekuwa ukwepaji, dalili za mchana zingekua, na hazikukua.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linatokana na majaribio yenyewe. Mwaka 2010 Joan Cook na wenzake walichapisha matokeo ya wanaume 124 waliopigana Vietnam. Tiba ya taswira, iliyotolewa kwa makundi, haikuwa bora kuliko mafunzo ya kawaida ya usingizi na ya kukabiliana na majinamizi, na hakuna kundi lililopata nafuu kubwa. Mwaka 2019 Harb na wenzake walionyesha kwamba kwa wapiganaji wa vita vya Irak na Afghanistan, kuongeza mazoezi ya taswira juu ya tiba ya kitabia ya kukosa usingizi hakukuleta faida zaidi ya tiba hiyo peke yake. Mtetezi wa haraka atasema wazee wa Vietnam walikuwa wameugua muda mrefu mno. Jibu hilo halitoshi, kwani wanawake wa New Mexico nao walikuwa na majinamizi sugu. Linaloniingia akilini zaidi ni tofauti ya ulinganisho. Jaribio la 2001 lilipima tiba dhidi ya kusubiri tu, na ni rahisi kushinda kusubiri; mengine yaliipima dhidi ya tiba yenye viungo vya maana. Kwa hiyo ukubwa wa faida uliotangazwa mwanzoni upunguzwe kidogo vichwani mwetu. Lakini matokeo ya 2019 yana somo la kutumika kesho kazini: mteja ambaye tatizo lake kubwa ni kukaa kitandani macho makavu, akiogopa kulala, atibiwe kukosa usingizi huko kwanza au sambamba. Kondakta anayelala sebuleni taa ikiwaka huenda ni mmoja wao. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, katika tamko lake la mwaka 2018, kilibaki kuipendekeza tiba ya taswira kwa majinamizi ya kiwewe, huku prazosini, dawa iliyokuwa ikisifiwa sana, ikishushwa hadhi baada ya jaribio kubwa la wapiganaji kushindwa kuonyesha faida yake. Tiba hii, basi, imebaki mstari wa mbele, ila si kwa ushindi wa kishindo.

Pingamizi la tatu halimo kwenye majarida. Linatoka kwa mteja. Je, ndoto si ujumbe? Pwani na bara, watu wengi huipokea ndoto mbaya kama kazi ya shetani, jini aliyetumwa, au marehemu anayedai haki yake, na mtaalamu anayekuja na habari za mazoea huonekana hajui mambo. Sioni haja ya kubishana. Mteja anaweza kuamini chanzo chochote na bado akafanya mazoezi. Tena kwa Waislamu kuna jambo linalowarahisishia: mafundisho ya Mtume yanamwelekeza aliyeota ndoto mbaya ajikinge kwa Mungu, ateme kidogo kushotoni mara tatu, ageukie ubavu wa pili, na asimsimulie mtu. Tiba inayomlazimisha kusimulia inamgonganisha na mafundisho hayo. Tiba ya mazoezi ya taswira haimgonganishi, kwa kuwa jinamizi lenyewe si lazima lisikike na mtu mwingine. Kichwa cha habari na alama ya ukali vinatosha kuchagua, na kinachosomwa kikaoni ni ndoto mpya. Mgongano hutokea kwa yule anayeamini kwamba marehemu anasema naye. Kuifuta ndoto kwake ni kumfukuza aliyempenda. Hapo mtaalamu amuulize mteja kama ipo sehemu ya ndoto angependa ibaki, na agizo la kubadilisha upendavyo linaruhusu hilo: marehemu anaweza kubaki ndotoni, amekaa, amevaa vizuri, bila majeraha.

Mteja aliyefanya mazoezi kweli kwa wiki nne au tano, kwa ushahidi wa daftari, na bado idadi ya usiku haijashuka, asiongezewe mazoezi. Rudi kwenye maswali ya mwanzo: pumzi, dawa, pombe, usalama, na kama ndoto iliyochaguliwa haikuwa nakala ya tukio. Mara nyingi jibu liko kwenye mojawapo ya hayo. Lisipokuwepo, mpeleke kwenye tiba kamili ya kiwewe na umwambie waziwazi kwa nini.